Sufuria ya kwanza ya mtoto: kiazi kitamu, lenga lenga na ndagala

Mtoto akitimiza miezi sita, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Hapa Misisi wengi wanaanza na uji mwepesi wa muhogo, sababu ni rahisi na haukawii motoni. Lakini uji ule unajaza tumbo bila kumpa mtoto damu wala nguvu. Vitu vya kumpikia chakula kizuri viko sokoni kila siku. Tuone namna ya kuvitayarisha, ulaini unaofaa, na hatari ambazo ni za kwetu sisi watu wa machimbo ya zahabu.

Kwa nini miezi sita?

Mtoto anazaliwa na akiba ya madini ya chuma mwilini, ile inayotengeneza damu. Akiba hiyo inapungua sana karibu na mwezi wa sita, na maziwa ya mama, hata yakiwa mengi, yana chuma kidogo tu. Hii njo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze chakula kingine akiwa na miezi sita, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi. Kumwanzia kwa miezi mitatu ama minne ni mapema, kwani tumbo linakuwa bado changa na kuhara kunakuja haraka. Kungojea mpaka miezi tisa nako ni kumchelewesha, damu inamwishia.

Ukitaka kujua kama mtoto yuko tayari, mkalishe mapajani. Anaweza kushika shingo yake wima? Anatazama mkono wako unapokula na kufungua mdomo? Ukimtia kitu kidogo ulimini, anakimeza ama anakisukuma nje? Kama bado anasukuma kila kitu nje, ngojea siku chache halafu jaribu tena.

Tupike sufuria moja

Tumchukue mama mwenye mtoto wa miezi sita na wiki moja. Anahitaji kiazi kitamu kimoja kikubwa kama ngumi, na kikiwa chekundu ndani ni bora zaidi. Anahitaji pia mkono mmoja wa majani mororo ya lenga lenga, kijiko kimoja cha supu cha unga wa ndagala, na kijiko kidogo cha mafuta ya mawese. Chumvi na magi hapana, figo za mtoto mchanga hazijazoea.

Kazi ya kwanza ni ndagala, na inaweza kufanywa mara moja kwa wiki. Ndagala wengi wanaotoka ziwani upande wa Baraka wamekaushwa juu ya mchanga, na wengine wametiwa chumvi. Ondoa vichwa na matumbo, sababu mchanga unajificha humo. Loweka ndagala katika maji ya moto, suuza, na ubadilishe maji mara mbili ama tatu mpaka usione tena mchanga chini ya beseni. Kisha wakaushe juu ya moto mdogo, bila mafuta, mpaka wavunjike ukiwabana kwa vidole. Watwange, halafu pitisha unga kwenye kichungi chembamba. Kinachobaki juu ya kichungi kirudishe kinuni. Mifupa midogo ikisagika kabisa haina hatari, na inamjenga mtoto mifupa yake. Isiposagika inachoma koo. Chukua unga kidogo, usugue kati ya vidole viwili: ukisikia kitu kinachochoma, bado. Unga uwekwe katika kopo kavu lenye kifuniko. Ukianza kunuka vibaya ama kushikana kwa unyevu, tupa.

Sasa menya kiazi, kikate vipande, na ukichemshe katika maji kidogo kwa dakika 20 hivi, mpaka kijiti kiingie bila nguvu. Osha lenga lenga mara tatu, ondoa vijiti vigumu, katakata ndogo sana, kisha yatie ndani ya sufuria hiyo hiyo kwa dakika 10 za mwisho. Tia unga wa ndagala na uache vyote vichemke pamoja dakika nyingine tano. Epua. Usimwage maji yaliyobaki, utayatumia. Ponda kwa mgongo wa kijiko mpaka usione tena uzi wa jani wala kipande cha kiazi. Tia mawese mwishoni. Mawese yanaongeza nguvu, na yanausaidia mwili kutumia vitamini A iliyo ndani ya majani na kiazi. Mwishoni unaweza kukamulia matone ya ndimu ama chungwa, inasaidia mwili kushika chuma cha lenga lenga.

Sufuria hii inatoa kikombe kimoja hivi. Mtoto wa miezi sita atakula vijiko viwili ama vitatu vya supu tu, mara mbili kwa siku, na baadaye mara tatu. Kinachobaki mpe kaka ama dada yake. Anyonye kwanza ama baadaye, lakini asiache kunyonya.

Uzito wa chakula: jaribu la kijiko

Kosa linaloonekana sana ni kumwaga maji mengi ili mtoto ameze upesi. Tumbo la mtoto huyu linabeba kikombe kimoja tu hivi. Ukilijaza maji, atashiba na saa moja baadaye atalia njaa. Jaribu ni hili: jaza kijiko, kiinamishe. Chakula kikikimbia kama maji, ni chepesi mno. Kikishikilia kidogo halafu kikianguka polepole, kinafaa. Kikigoma kabisa kutoka, ongeza maji yale ya sufuria ama maziwa ya mama uliyokamua.

Mtoto asibaki na chakula laini kwa muda mrefu. Kwenye miezi minane ponda kidogo tu, uache punje laini ambazo vidole viwili vinaziponda bila nguvu. Hapo anaweza pia kushika mwenyewe kipande cha boga lililoiva ama avoka. Mtoto asiyekutana na punje mpaka apitishe miezi 10, mara nyingi anazikataa baadaye. Kwenye mwaka mmoja anakula cha nyumbani, kimekatwa vidogo.

Siku ambayo hakuna ndagala

Tumia maharagi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, yachemshe mpaka yavunjike, kisha yapitishe kwenye kichungi ili maganda yabaki juu. Yai nalo linafaa, lakini liive kabisa, nyeupe na kiini, halafu lipondwe ndani ya kiazi. Ini la kuku, hata kipande kidogo kama kidole gumba, lina chuma nyingi: lichemshe mpaka ndani kusibaki damu, kisha lisage. Karanga zisagwe na ziyeyushwe ndani ya uji. Karanga nzima ni hatari, na siagi nzito ya karanga inaganda kooni. Zile zenye ukungu ama ladha chungu zitupwe, kuchemsha hakuondoi sumu yake.

Kila chakula kipya kianze peke yake, kidogo, na ungoje siku mbili ama tatu kabla ya kingine. Midomo ikivimba, mwili ukitoka vipele ama mtoto akitapika sana, acha chakula hicho na umpeleke santre mara moja.

Sombe ingojee kidogo, mpaka miezi minane hivi, sababu nyuzi zake ni ngumu. Na siku ya kumpa, itwangwe vizuri na ichemke muda mrefu bila kufunikwa, ili ile sumu ya muhogo itoke na mvuke. Asali hapana kabla ya mwaka mmoja, inaweza kuleta ugonjwa unaolegeza mwili wote wa mtoto. Chai pia hapana: inazuia chuma kuingia mwilini, na kazi yote ya ndagala na lenga lenga inapotea.

Vyombo vya kazi visifike jikoni

Hapa kuna jambo ambalo mama wa mahali pengine hana. Kinu, sahani ama karai iliyotumika kutwanga mawe, kusafisha mchanga wa zahabu ama kushika zebaki, ile tunaita merkire, isirudi jikoni kamwe, hata ikisuguliwa kwa sabuni na majivu. Zebaki hata kidogo inaharibu ubongo wa mtoto, na kwenye chakula huioni wala huisikii harufu. Kuchoma zahabu juu ya mbabula ya kupikia ni mbaya zaidi: mvuke unaingia chumbani na kushika kuta, nguo na masufuria. Kazi hiyo ifanyike mbali na nyumba, mbali na mtoto na mama mwenye mimba.

Maji nayo ni hivyo hivyo. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki. Maji ya kumpikia mtoto yachotwe kwenye bomba ama chemchemi iliyo juu ya mashimo, si mtoni chini ya mahali wanapooshea mchanga. Na baba akirudi, anawe kwa sabuni na abadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Mama akienda kazini

Wengi wanaondoka asubuhi na kumwachia mtoto dada yake. Chakula kilichopikwa saa kumi na mbili asubuhi na kukaa katika joto mpaka saa saba ya mchana kimeshaanza kuharibika, hata kama hakinuki. Baada ya saa mbili, kisipewe mtoto. Ni afadhali kumwachia dada kopo la unga wa ndagala na kiazi kibichi, achemshe chakula kipya, kuliko kumwachia sufuria iliyopoa. Kama hawezi kupika, mpango mwingine ni mama alishe asubuhi kabla ya kutoka na jioni akirudi, na mchana mtoto apewe ndizi mbivu ama avoka, ambavyo dada anavimenya na kuviponda pale pale.

Huyo dada afundishwe pia jambo hili. Mtoto akikohoa na kutoa sauti, amwache akohoe. Akinyamaza, asiweze kulia na midomo ikibadilika rangi, amekabwa. Amlaze kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, ampige mara tano kati ya mabega kwa kiganja. Kisipotoka, amgeuze na kubonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano, halafu aanze tena huku akiita watu. Asiingize kidole mdomoni kutafuta asichokiona, anaweza kukisukuma ndani zaidi.

Na kila wiki, fungua kiganja cha mtoto ukilinganishe na chako kwenye mwanga wa jua. Kikiwa cheupe kuliko chako, damu ni kidogo. Hapo chakula peke yake hakitoshi tena: mpeleke santre apimwe.