Damu Iliyosomwa Kinyume

Mwishoni mwa Agosti 1952, Hospitali ya Blegdam jijini Kopenhagen, Denmark, ilikuwa imezidiwa na wagonjwa wa polio. Virusi vilikuwa vimepooza misuli ya kupumulia na ya kumezea, na vifaa vilivyokuwapo ni pafu la chuma moja na mashine sita za kufunga kifuani. Wagonjwa 31 walikuwa wamewekwa kwenye mashine hizo katika wiki za mwanzo. Kati yao, 27 walikuwa wamekwisha kufa.

Kilichowatatiza madaktari ni majibu ya maabara. Kiasi cha jumla cha hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, kilikuwa juu sana katika damu ya wagonjwa hao. Siku zile kipimo hicho kilichukuliwa kama kipimo cha bikaboneti, na bikaboneti ni alkali. Basi wakahitimisha kwamba damu imegeuka alkali kwa sababu isiyojulikana. Upungufu wa pumzi haukuwaingia akilini, maana wagonjwa walikuwa wakipewa oksijeni na midomo yao ilikuwa myekundu kama ya watu wazima wa afya.

Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi aliyeitwa kutoa ushauri, alisema kinyume chake kabisa. Hawa, alisema, wamejaa asidi, kwa sababu hewa ya ukaa haitoki mwilini.

Namba moja, tafsiri mbili zinazopingana. Ili kuona nani alikuwa na haki, na kwa nini watu wasomi waliteleza, inabidi tuifuate hewa ya ukaa tangu inapozaliwa.

Kila chembe hai ya mwili inapotumia sukari au mafuta hubaki na hewa hiyo. Mtu mzima aliyetulia hutengeneza karibu mililita 200 kwa dakika. Hewa hupenya ukuta wa kapilari, ile mishipa myembamba kabisa, na kuingia kwenye damu. Humo ina njia tatu za kusafiri.

Ya kwanza ni kuyeyuka tu katika majimaji, kama ilivyo kwenye soda kabla chupa haijafunguliwa. Ya pili ni kujibandika kwenye himoglobini, protini inayoipa damu wekundu wake, na kuwa kile wanakemia wanachokiita kiungo cha kabamino. Hapa kuna kosa linalorudiwa mara nyingi. Hewa ya ukaa haikai kwenye chuma cha himoglobini, mahali pa oksijeni. Inashika ncha za minyororo ya protini yenyewe. Inayopora kiti cha oksijeni ni monoksidi ya kaboni, ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani huku wamefunga madirisha. Majina yanafanana, lakini ni gesi mbili tofauti.

Njia ya tatu ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Hewa ya ukaa inaingia ndani ya chembe nyekundu za damu, inaungana na maji, inakuwa asidi ya kaboni, na asidi hiyo inagawanyika papo hapo:

CO2 + H2O → H2CO3 → H+ + HCO3-

Hiyo HCO3- ndiyo bikaboneti. H+ ni ioni ya haidrojeni, na ndiyo inayofanya kitu kiwe asidi.

Hatua ya kuungana na maji, ikiachwa yenyewe, ni ya polepole mno. Damu hukaa kwenye kapilari za mapafu kwa muda usiofika hata sekunde moja mtu akiwa ametulia, na safari ya kurudi kutoka bikaboneti hadi gesi ingehitaji muda mrefu kuliko huo. Wanasayansi waliliona pengo hilo kwanza kwenye hesabu, ndipo wakatafuta cha kuliziba. Mwaka 1933 Norman Meldrum na Francis Roughton wa Cambridge walikieleza kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe nyekundu, kabonikianihidresi, kinachoharakisha kazi hiyo maelfu kwa maelfu ya mara. Kimo pia kwenye figo na hata kwenye ulimi. Wapanda Kilimanjaro wanaomeza asetazolamidi ili kujikinga na ugonjwa wa kimo wakati mwingine hulalamika kwamba soda imechacha, haina mkwaruzo. Soda haina kasoro. Dawa imekizuia kimeng'enya cha ulimini, na ule ukali tunaoujua hautengenezwi.

Sasa chembe nyekundu ina bikaboneti nyingi na ioni nyingi za haidrojeni, na kila kimoja kinahitaji pa kwenda. Bikaboneti inatolewa nje hadi kwenye plazma kupitia mlango maalumu ukutani mwa chembe, na kwa kila moja inayotoka, ioni moja ya kloridi inaingia ili umeme usipotee usawa. Maji kidogo yanaifuata, ndiyo sababu chembe nyekundu za damu ya vena zimevimba kidogo kuliko za ateri. Ioni za haidrojeni zinabaki ndani na kumezwa na himoglobini. Na kuna bahati njema hapa: himoglobini iliyokwisha kuacha oksijeni yake huzipokea ioni hizo kwa urahisi zaidi, na hubeba kabamino nyingi zaidi pia. Johanne Christiansen, Claude Douglas na John Haldane walilionyesha jambo hili mwaka 1914. Kule misuli inakohitaji oksijeni, damu inaiacha na kupata nafasi ya kubeba taka. Kwenye mapafu oksijeni inaingia na kuisukuma taka itoke.

Tuangalie kiasi. Mililita 100 za damu ya ateri, ambayo imetoka mapafuni muda huo huo, bado ina karibu mililita 49 za hewa ya ukaa. Zaidi ya 43 kati ya hizo ni bikaboneti. Kabamino na iliyoyeyuka ni mililita mbili na nusu hivi kila moja. Damu hiyo ikipita kwenye viungo inaongezewa mililita zisizofika nne tu: kama mbili na nusu zinakuwa bikaboneti, 0.8 kabamino, na 0.4 zinayeyuka. Wengi hudhani mapafu huisafisha damu ikawa haina hewa ya ukaa kabisa. Hapana. Yanakwangua sehemu ndogo ya juu na kuacha akiba kubwa, na akiba hiyo ndiyo inayozuia damu isiyumbe kila tunapokula ndimu au kupanda ngazi.

Jambo lililowapotosha madaktari wa Kopenhagen limo katika akiba hiyo. Uasidi wa damu hauamuliwi na wingi wa bikaboneti peke yake. Unaamuliwa na uwiano kati ya bikaboneti na hewa ya ukaa iliyoyeyuka, ile sehemu ndogo ambayo ni rahisi kuidharau. Kwa mtu mzima wa afya, bikaboneti ni milimoli 24 kwa lita na iliyoyeyuka ni milimoli 1.2. Gawanya: 20 kwa 1. Uwiano huo unaipa damu pH ya 7.40.

Chukua sasa mgonjwa ambaye misuli yake ya kifua imepooza ghafla, na shinikizo la hewa ya ukaa kwenye ateri zake limepanda kutoka milimita 40 za zebaki hadi 100. Iliyoyeyuka hupanda sambamba na shinikizo, kwa hiyo inakuwa milimoli 3. Bikaboneti nayo inaongezeka, kwa ile njia tuliyoiona ndani ya chembe nyekundu, lakini kwa mwendo wa kinyonga: inafika 30 hivi. Mwenye kupima jumla anaona kwamba kutoka 25 na kidogo imekuwa 33, na kwa kuwa sehemu kubwa ni bikaboneti, anasema alkali imezidi. Lakini gawanya tena: 30 kwa 3 ni 10 tu. Uwiano umekatika nusu na pH imeanguka hadi 7.10, uasidi wa kutishia uhai. Bikaboneti ilipanda kwa sababu hewa ya ukaa imelundikana; haikupanda yenyewe.

Ibsen aliombwa athibitishe. Tarehe 27 Agosti alipewa msichana wa miaka 12 aliyepooza mikono na miguu, mwenye homa, anayetokwa jasho na kupaliwa na ute wake mwenyewe. Alitobolewa koo, akawekewa mpira wa kupitishia hewa. Mwanzoni alipigana na hewa aliyosukumiwa na hali ikazidi kuharibika, hadi Ibsen alipomchoma dawa ya kumlegeza. Baada ya hapo kifua kilikubali, naye akaminya mfuko wa mpira kwa mkono, pumzi baada ya pumzi. Jasho lilikauka, shinikizo la damu lililokuwa limepanda likashuka, na hewa ya ukaa ikapungua. Kisha wakamrudisha kwenye mashine ya kifuani, huku oksijeni ikiendelea. Dalili zote zikarudi. Wakarudi kwenye mfuko, zikaondoka.

Kwa maoni yangu hatua hiyo ya kumrudisha ndiyo iliyomaliza ubishi kuliko hoja yoyote. Damu iliyokuwa alkali kweli isingepona kwa kupumuliwa zaidi, ingezidi kuwa alkali, kwani kupumua kwa nguvu huondoa asidi. Profesa Lassen, mkuu wa idara, alikubali, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakaitwa kwa zamu kuminya mifuko usiku na mchana kwa miezi kadhaa. Vifo vya waliopooza pumzi, vilivyokuwa karibu tisa katika kila kumi, vilishuka hadi karibu vinne. Poul Astrup, mkuu wa maabara ya hospitali hiyo, akatengeneza njia ya kupata pH na hewa ya ukaa kutoka sampuli ndogo ya damu, ili swali hilo lisijibiwe tena kwa kukisia.

Hata hivyo mtego haujaondoka. Fikiria watu wawili wenye bikaboneti 34 kila mmoja. Wa kwanza amevuta sigara miaka mingi, mapafu yamechoka, na shinikizo la hewa yake ya ukaa ni 60; figo zake zimekuwa zikihifadhi bikaboneti kwa muda mrefu ili kurudisha uwiano, na pH yake ni 7.38. Wa pili ametapika siku tatu mfululizo na kupoteza asidi ya tumbo. Shinikizo lake ni 46 na pH ni 7.49. Kwenye karatasi ya vipimo vya kawaida vya vena wanafanana. Kinachowatenganisha ni damu ya ateri, inayochomwa kwenye kifundo cha mkono, na si kila kituo cha afya kina mashine ya kuipima.

Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni hakisaidii hapa. Kinasoma oksijeni peke yake, na mgonjwa anayepewa oksijeni anaweza kuonyesha 98 huku hewa ya ukaa ikimlundikania, kama walivyokuwa wale wenye midomo myekundu pale Blegdam. Pasipo mashine, muuguzi makini huangalia vingine: pumzi fupi za juu juu, jasho lisilo na sababu, kichwa kinachouma hasa asubuhi, mikono inayotikisika ikinyooshwa, na usingizi ambao mgonjwa anazidi kuwa mgumu kuamshwa.