Namba, anwani na viambatisho: barua ya kuomba kazi serikalini

Ukifungua tangazo la nafasi za kazi la halmashauri yoyote ya Tanzania, mara nyingi utakuta namba mbili za kumbukumbu. Ya kwanza huwa juu ya ukurasa, karibu na tarehe. Ya pili imo ndani ya aya ya kwanza, pale Mkurugenzi Mtendaji anapoeleza kwamba amepata kibali cha ajira mpya kutoka Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, chenye Kumb. Na. kadha wa kadha. Mwombaji mwenye haraka huikuta hii ya pili, imeandikwa waziwazi katikati ya sentensi, akainakili kwenye barua yake. Amekosea. Ile ni namba ya barua iliyotoka wizarani kwenda kwa mkurugenzi, na mwombaji hana jambo nayo. Yeye anajibu tangazo, kwa hiyo anataja namba ya tangazo.

Jambo hili linaeleweka ukijua namba inafanya kazi gani masijala. Kila barua inayotoka ofisi ya umma imehifadhiwa katika jalada, na namba yake inaonyesha jalada hilo. Chukua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma: mengi yanaanza na JA.9/259/01, ikafuata herufi, kisha tarakimu ya mwisho. Sehemu ya mwanzo haibadiliki kwa sababu somo ni lilelile. Inayobadilika ni ile ya mkiani, na ndiyo inayotenganisha tangazo la mwezi huu na la mwezi uliopita. Kwa hiyo mtu aliyenakili namba kutoka kwenye barua yake ya zamani anaweza kuona mwanzo umefanana, akaridhika, kumbe amejibu tangazo lililokwisha kufungwa. Inakili yote, pamoja na mikwaju na nukta zake, kisha uilinganishe na tangazo tarakimu kwa tarakimu.

Namba hiyo iwekwe wapi? Barua za serikali huwa na maneno “Unapojibu tafadhali taja” yakifuatiwa na Kumb. Na. upande wa juu. Baadhi ya waombaji huiga mpangilio huo wakaweka namba ya tangazo kichwani mwa barua yao, kana kwamba ni kumbukumbu yao wenyewe. Mwombaji binafsi hana masijala, hivyo sehemu hiyo haimhusu. Namba ya tangazo inakaa katika sentensi ya kwanza, pamoja na tarehe ya tangazo.

Tuchukue mwombaji mwenye stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, anayeomba nafasi ya Msaidizi wa Kumbukumbu Daraja la II katika halmashauri ya wilaya. Anwani yake na tarehe vinakaa juu kulia. Chini yake, upande wa kushoto, anaandika cheo cha anayeandikiwa: Mkurugenzi Mtendaji, halafu jina la halmashauri, sanduku la posta na mji, kama vilivyo kwenye tangazo. Jina la mkurugenzi haliandikwi hata kama analifahamu, maana mkurugenzi anaweza kuhamishwa kesho na barua ikabaki ni ya ofisi. Kisha inafuata “Ndugu,” na baada yake kichwa na mwili:

YAH: MAOMBI YA KAZI YA MSAIDIZI WA KUMBUKUMBU DARAJA LA II

Tafadhali rejea tangazo lako la nafasi za kazi lenye Kumb. Na. (ya tangazo) la tarehe 4 Machi. Ninaomba nafasi iliyotajwa hapo juu. Nina elimu ya kidato cha nne na Stashahada ya Utunzaji wa Kumbukumbu, na nina ujuzi wa kompyuta.

Angalia kichwa hicho. Kinataja cheo kama kilivyo kwenye tangazo, pamoja na daraja lake. “Maombi ya kazi” peke yake hayatoshi, kwa sababu tangazo moja la halmashauri laweza kubeba Mtendaji wa Kijiji, Dereva na Msaidizi wa Kumbukumbu kwa pamoja, wote chini ya namba moja. Namba inaipeleka barua kwenye tangazo sahihi, na kichwa kinaipeleka kwenye nafasi sahihi. Mwili nao unagusa kila sifa iliyotakiwa, kwa maneno yanayofanana na ya tangazo, ili anayechambua maombi asilazimike kubahatisha. Historia ya maisha iachwe kwenye wasifu.

Anwani inawachanganya watu zaidi tangu maombi yalipohamia kwenye mtandao. Ombi la Sekretarieti na ombi la halmashauri yote mawili hupita portal.ajira.go.tz, na kwa sababu mlango ni mmoja, mtu hudhani na mwandikiwa ni mmoja. Sivyo. Matangazo ya Sekretarieti huelekeza barua kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Tangazo la halmashauri huelekeza kwa Mkurugenzi Mtendaji wake. Sehemu hiyo huwa chini kabisa ya tangazo, baada ya masharti ya jumla, na wengi huwa wamekwisha kuacha kusoma kabla ya kufika hapo. Mtumishi wa umma aliye kazini ana hatua moja zaidi: chini ya anwani anaandika “Kupitia kwa” na cheo cha mwajiri wake, na mwajiri aipitishe barua hiyo kabla haijatumwa.

Barua inatakiwa kusainiwa. Kuchapa jina chini ya “Wako mtiifu” si saini. Ichapishe, itie saini kwa kalamu, kisha uiskani na kuipakia.

Kwenye viambatisho, sharti linaloangusha watu ni tofauti kati ya cheti na karatasi ya matokeo. Matangazo hutamka wazi kwamba hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita, pamoja na matokeo ya muda ya chuo, havikubaliki. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Aliyemaliza chuo na bado hajachukua cheti chake akifuatilie sasa, kwa sababu tangazo likitoka muda hautoshi. Cheti cha kuzaliwa kithibitishwe na wakili. Aliyesoma nje ya nchi apeleke vyeti vyake kwa mamlaka husika vitambuliwe: NECTA kwa sekondari, TCU kwa shahada.

Kabla ya kupakia, panga karatasi zote mezani usome jina lako kwenye kila moja. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hadija Juma Omari, cha kidato cha nne kinasema Khadija Juma, na namba ya NIDA ina jina la tatu. Kwa mfumo, hao wanaweza kuwa watu tofauti. Tofauti ya namna hii inatatuliwa kwa hati ya kisheria ya majina, iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa, na ukiitwa kwenye usaili utadaiwa hati hiyo pamoja na vyeti halisi.

Jina lako lisipotokea kwenye orodha ya usaili, ingia kwenye akaunti yako ya ajira. Sababu ya kutoitwa huonyeshwa humo. Isome na urekebishe hati inayohusika kabla ya kutuma ombi jingine.