Seli inajuaje imekaa kwenye kitu kigumu?

Seli za mwili wako zimeshikana kwa njia mbili. Kadherini huunganisha seli na seli jirani. Integrini huishikiza seli kwenye matriksi, yaani ule wavu wa kolajeni na protini nyingine ulioko nje yake. Leo tukae na integrini, maana kazi yake haiishii kushika tu, inapeleka habari ndani pia.

Sasa, seli haina vidole. Inapimaje ugumu? Inavuta! Integrini imepenya utando wa seli: kichwa kiko nje kimeshika matriksi, mkia uko ndani. Mkia umeshikwa na talini, na talini imeshika nyuzi za aktini, ambazo miosini huzivuta. Matriksi ikiwa laini, inafuata tu. Ikiwa ngumu, inagoma, na talini inavutwa mpaka inakunjuka. Hapo sehemu zake zilizojificha zinaonekana, na protini iitwayo vinkulini inazidaka na kuimarisha mshiko. Mvuto umegeuka ujumbe.

Mwaka 2006, Adam Engler, Dennis Discher na wenzao walikuza seli shina za uboho kwenye jeli za ugumu tofauti. Kwenye jeli laini kama ubongo, zikaelekea kuwa neva. Kwenye ugumu wa misuli, misuli. Kwenye jeli ngumu zaidi, mfupa. Walipozuia miosini kwa blebistatini, tofauti hizo zikapotea. Seli isipoweza kuvuta, haitambui ilipokaa.