Bibi yangu alilima kahawa akanywa chai: kapsheni ya "tulianzaje" niliyokataa kuitia chumvi

Mimi nakaanga kahawa hapa Moshi na kuiuza mtandaoni kwenye pakiti za gramu 250. Leo nataka tuongelee kapsheni moja tu, ile ya "tulianzaje" niliyoiweka juu kabisa ya ukurasa wangu wa Instagram. Wateja wapya wengi wanaonifuata inboksi wanaanza na maneno yaliyomo humo, kwa hiyo nimeona niwaeleze imejengwa na nini.

Nilipomaliza kidato cha nne matokeo hayakunipeleka mbele, nikabaki Kibosho namsaidia bibi. Ana kihamba, migomba na mibuni imechanganyikana kama ilivyo huku mlimani. Tulikuwa tunachuma zilizoiva tu, tunamenya, tunaziacha zichachuke, tunaosha, tunaanika kwenye chanja, tukimaliza tunapeleka chama cha ushirika. Hapo ndo mwisho wetu wa kuijua kahawa. Ndani ya nyumba tulikunywa chai. Mtu wa mbali akisikia hivyo anashangaa, lakini nyumba nyingi za wakulima huku ziko hivyo. Kahawa ilikuwa ada ya shule na mabati, siyo kinywaji. KNCU yenyewe, ushirika ulioanza mwaka 1933, ulikuwa wa kuuza kahawa ya wakulima, na nyingi ilisafiri nje ikiwa bado mbichi.

Mimi nilianza kukaanga kwa sababu nilitaka kujua hicho kinachofuatwa kina nini. Nilichukua nusu kilo iliyokobolewa, sufuria nzito, jiko la mkaa na mwiko. Kahawa mbichi ina rangi ya kijani iliyofifia na inanuka kama majani makavu. Ukikoroga bila kuacha inageuka njano, harufu inakuwa ya mkate, halafu inaingia kahawia. Baadaye kidogo unasikia inalia, pa, pa, kama bisi zinazopasuka taratibu. Kuanzia hapo inanyweka. Ukiendelea na moto itatulia, kisha italia mara ya pili kwa mlio mwembamba wa haraka, na hapo unaelekea kwenye uchungu na moshi. Mimi naitoa katikati ya milio hiyo miwili. Naimwaga kwenye ungo upesi na kuipepeta ipoe, makapi yapeperuke, maana ikibaki kwenye sufuria ya moto inaendelea kuiva yenyewe.

Sufuria ina tabu zake. Ukiona punje zina madoa meusi upande mmoja na upande mwingine bado umepauka, moto ulikuwa mkali na mkono ulikuwa mzito. Moto ukiwa mdogo mno, kahawa inakaa muda mrefu bila kulia, na ukiinywa ni bapa, haina uchangamfu wowote. Ndiyo maana siku hizi natumia pipa dogo la kuzungusha kwa mkono juu ya gesi. Mambo ya leseni ya Bodi ya Kahawa na usajili wa TBS nayaacha leo, yanahitaji siku yake.

Sasa turudi kwenye kapsheni. Wakati naandaa lebo, binamu yangu anayenisaidia michoro alipendekeza tuandike "vizazi vitatu vya wakaangaji". Kiukweli inapendeza. Nikamsomea bibi, akacheka mpaka akakaa chini. "Mimi nikaange kahawa, mjukuu wangu? Nani alikuwa na muda huo? Sisi tulikunywa chai."

Wiki hiyohiyo kulikuwa na mwenye duka la zawadi za watalii anayetaka pakiti 30. Kwangu ilikuwa oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Akasema atachukua, ila lebo iseme familia inakaanga tangu enzi za babu, maana watalii wanapenda hivyo. Nikamwambia, kaka, naweza kuandika familia inalima tangu enzi za babu, hilo ni kweli. Kukaanga nimeanza mimi. Akasema basi, haina tofauti na za wengine. Oda ikaondoka, na mwezi ule kodi ya chumba niliilipa kwa kuungaunga.

Niliyoandika ni hii:

"Bibi yangu amelima kahawa Kibosho miaka yote niliyomjua, na alikuwa hajawahi kuionja ikiwa imekaangwa. Kikombe cha kwanza nilimkaangia mimi, kwenye sufuria, jikoni kwake. Alisema ni chungu, akaomba sukari, akamaliza. Leo nakaanga kila Jumanne, kidogo kidogo, kwa oda. Tarehe imeandikwa nyuma ya pakiti. Ukimwaga maji ya moto ikavimba na kutoa povu, ujue bado ni mbichi wa moto."

"Mbichi wa moto" ni utani wangu, maana yake imetoka jikoni juzi. Hiyo sentensi ya povu ndiyo inayoleta watu inboksi, kwa sababu mteja anaweza kuihakiki nyumbani kwake. Kahawa ikikaangwa inabeba hewa ndani, inayotoka kidogo kidogo siku nyingi. Maji ya moto yakiigusa kahawa iliyosagwa karibuni, ile hewa inatoka kwa pamoja na unga unaumuka. Kahawa iliyokaa miezi kadhaa inalowa tu, imetulia kama tope. Kwa sababu ya hewa hiyohiyo natumia pakiti zenye kitundu cha valvu. Ukifunga kahawa ya leo kwenye pakiti isiyopumua, kesho utaikuta imevimba kama mto. Mteja anayetaka kutumia siku hiyohiyo namwambia asubiri siku tatu nne, ladha itulie.

"Kidogo kidogo" nayo ina hesabu nyuma yake. Mwenzangu unayetaka kuanza biashara hii, shika hapa. Tuseme kilo ya kahawa safi umeipata kwa shilingi 12,000. Unachambua kwanza, unatoa zilizovunjika, zenye matundu ya wadudu na nyeusi, tuseme gramu 50. Zinabaki 950. Ukikaanga, maji yanatoka na uzito unashuka, kwangu ni kama asilimia 16. Unapima unakuta karibu gramu 800. Hizo ni pakiti tatu, na gramu 50 za kuonja. Kwa hiyo kahawa iliyomo kwenye kila pakiti imekugharimu kama shilingi 3,750, siyo ile 3,000 utakayoipata ukigawa kilo moja kwa nne. Hapo bado gesi, pakiti, lebo na nauli ya basi la mzigo. Ukiipenda nyeusi zaidi, uzito unashuka zaidi. Pima kabla na baada kila unapokaanga, uandike. Daftari langu ndilo lililonionyesha kwamba mwisho wa msimu, kahawa iliyokaa ghalani ikakauka, inawahi kulia kuliko ile mpya.

Yule wa duka la zawadi hajarudi. Ila dada mmoja wa Dodoma alinitumia video ya kikombe chake, povu limepanda hadi ukingoni, akaandika, "Mwambie bibi na mimi nimetia sukari." Nilimwonyesha bibi. Akauliza Dodoma wanalipa shilingi ngapi kwa pakiti, nikamtajia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa kilo moja ya kwangu unapata pakiti ngapi vile?" Sasa tunalizungumza hilo, mimi na yeye, bei ya kilo anayoniachia.