Kifundo Kilichouma Polepole

Mchuma chai wa Rukuriri, Embu, akisema kifundo cha mkono kimemshinda, swali la kwanza la karani anayeandika madai yake huwa: uliumia lini? Ni swali la haki kwa aliyeteleza na kuanguka, lakini yeye hakuanguka. Akibanwa sana hutaja siku yoyote, labda Jumanne iliyopita. Hapo ndipo madai huanza kuharibika, kwa kuwa mnyapara atasema kweli kwamba Jumanne hakuna aliyeumia, na daktari naye atakuta uvimbe uliokomaa kupita umri wa siku tatu.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 haimlazimishi kubuni siku hiyo. Pamoja na ajali, inatambua ugonjwa unaotokana na kazi. Kwa hiyo maelezo yaandikwe kama safari ya maumivu, na tarehe zinazotajwa ziwe zile zinazojulikana kweli.

Tuchukue mchumaji wa kubuni. Mvua za Aprili zimeleta majani mengi, naye amepanda kutoka kilo 25 hadi 45 kwa siku. Maelezo yake yanaweza kuwa hivi: “Nachuma kwa mikono miwili tangu asubuhi hadi saa tisa, siku sita kwa wiki. Mwisho wa Aprili, upande wa kidole gumba cha kulia ulianza kuuma jioni, ukapoa Jumapili. Katikati ya Mei haukupoa tena, nikashindwa kuinua sufuria. Nilimwambia mnyapara tarehe 20 Mei. Tarehe 23 nilikwenda zahanati.” Aliye na maumivu ya mgongo angeongeza uzito wa kikapu, mteremko, na umbali wa kituo cha kununulia majani.

Ushahidi mzuri kuliko yote umo katika daftari la kilo. Likionyesha 45, kisha 38, kisha 30, jeraha limejiandika lenyewe. Ila kilo hupungua pia mvua ikikatika au baridi ya Julai ikiingia, kwa hiyo zilinganishwe na za wenzake wa shamba lilelile. Wao wakibaki kwenye 44 huku yeye akishuka, mvua haiwezi kulaumiwa. Na kama nyumbani analima au anateka maji, aandike. Jambo hilo likifichuliwa na upande wa pili, litaonekana hila.

Kumwambia mnyapara kwa mdomo ni halali, lakini ujumbe wa simu wenye tarehe hauna ubishi. Mwajiri akishapata habari anatakiwa kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya muda uliowekwa na sheria, na fomu ya DOSH/WIBA 1 hutumika kwa ajali na kwa ugonjwa pia. Mgonjwa naye amwombe daktari aandike kazi anayofanya na muda aliougua. “Maumivu ya mkono” peke yake hayamsaidii yeyote.

Wachuma chai wa Kericho walioshtaki kampuni ya James Finlay huko Uskoti kwa majeraha ya aina hii walikuta mwaka 2023 kesi yao ikisimamishwa, ili kwanza madai yao yapitie njia hiyohiyo ya fidia ya Kenya.