Mshahara Usiopita Benki

Mwezi Mei 1994 maseneta wa Marekani walipiga kura juu ya jambo ambalo wanasiasa hawana kawaida ya kuligusa: namna wahasibu wanavyoandika vitabu. Kwa kura 88 dhidi ya 9 waliitaka bodi ya viwango vya uhasibu ya nchi hiyo, FASB, iachane na mpango wake. Mpango wenyewe ulikuwa kwamba kampuni inayowapa mameneja chaguo la kununua hisa kwa bei iliyofungwa mapema iandike thamani ya chaguo hilo kuwa gharama, kama inavyoandika mishahara. Kampuni za teknolojia za California zilikuwa zimepiga kelele kubwa, zikihofia kuona faida zao zikishuka. Bodi ikasalimu amri. Kanuni iliyotoka 1995 iliziruhusu kampuni kuitaja gharama hiyo katika maelezo ya nyuma ya taarifa tu, mahali ambapo wasomaji wengi hawafiki.

Hoja ya kampuni ilikuwa rahisi, na bado inasikika: hakuna senti inayotoka, sasa gharama iko wapi?

Tuchukue kampuni ya kubuni. Hisa yake inauzwa shilingi 40 sokoni. Leo inawaambia mameneja wake 10 kwamba kila mmoja akikaa kazini miaka 3, atakuwa na ruhusa ya kununua hisa 30,000 kwa bei ya leo, shilingi 40, hata kama wakati huo zitakuwa zimefika 70. Zikiwa zimeshuka, hatalazimika kununua. Ile miaka 3 ndiyo kipindi cha kustahili. Anayeondoka kabla yake anaondoka mikono mitupu.

Kwa kanuni ya Marekani ya 1972, gharama ilikuwa tofauti kati ya bei ya soko na bei ya kununulia siku chaguo linapotolewa. Arobaini toa arobaini ni sifuri, kwa hiyo haikuandikwa chochote. Ndiyo maana mipango mingi ilifungwa kwenye bei ya siku ile ile. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu angeliuza chaguo hilo kwa sifuri, kwa kuwa lina nafasi ya kupata bila hatari ya kupoteza. Hesabu ya kupima nafasi hiyo ilichapishwa na Black na Scholes mwaka 1973. Inatazama bei ya hisa, bei ya kununulia, muda uliobaki, riba, na jinsi bei inavyopanda na kushuka. Tuseme hapa inatoa shilingi 12 kwa kila chaguo.

Wote 10 wakibaki, kampuni imetoa kitu chenye thamani ya shilingi 3,600,000. Imekitoa kwa kubadilishana na kazi ya miaka 3, hivyo gharama inasambazwa katika miaka hiyo, kadiri kazi inavyofanyika.

Mwisho wa mwaka wa kwanza hakuna aliyeondoka, ila uongozi unakadiria kwamba mmoja hatamaliza. Wanabaki 9, yaani machaguo 270,000, sawa na shilingi 3,240,000. Theluthi yake ni 1,080,000. Mhasibu anadebiti gharama ya wafanyakazi 1,080,000, kisha anakrediti akiba ya machaguo ya hisa, ndani ya mtaji wa wanahisa, kiasi hicho hicho.

Krediti hiyo ndiyo huwatatiza watu. Kwa mshahara wa kawaida, krediti huenda benki, au kwenye madeni kama haujalipwa. Hapa benki haikuguswa, wala kampuni haidaiwi pesa. Ilichoahidi ni hisa zake yenyewe. Fundi akikujengea nyumba ukamlipa kwa kumkatia chumba kimoja, hujatoa senti wala hudaiwi, lakini sehemu yako ya nyumba imepungua. Wanaolipa mameneja ni wanahisa wa zamani, kwa kukubali kugawana kampuni na watu zaidi. Faida inashuka kwa 1,080,000, akiba inapanda kwa 1,080,000, na jumla ya mtaji inabaki palepale. Kama ahadi ingekuwa kulipa fedha taslimu kulingana na bei ya hisa, krediti ingekuwa deni, nalo lingepimwa upya kila mwaka hadi lilipwe.

Mwaka wa pili meneja mmoja anaondoka kweli, na inahofiwa mwingine atamfuata. Hesabu sasa ni ya watu 8: shilingi 2,880,000. Theluthi mbili ni 1,920,000. Toa 1,080,000 iliyokwisha kuandikwa, gharama ya mwaka ni 840,000. Mwaka wa tatu yule wa pili anabaki. Wamemaliza 9, jumla ni 3,240,000, kwa hiyo kinachobaki kuandikwa ni 1,320,000. Makadirio ya watu yanarekebishwa kila mwaka mpaka yalingane na vichwa vilivyobaki.

Ile shilingi 12, hata hivyo, haiguswi. Tuseme mwaka wa pili hisa imeporomoka hadi 25. Machaguo ya kununua kwa 40 hayana mvuto tena, na bodi ya wakurugenzi inauliza kwa nini iendelee kubeba gharama ya kitu ambacho hakuna atakayekitumia. Jibu ni kwamba kilichonunuliwa ni kazi, nayo ilikubaliwa kulipwa kwa thamani ya siku ya kwanza. Bei ya soko baada ya hapo ni bahati ya meneja. Hisa ikipaa hadi 90 gharama haiongezeki, ikianguka hairudi. Hata kufuta mpango hakusaidii, maana kwa kufuta, gharama iliyosalia inaandikwa yote siku hiyo. Na bodi ikishusha bei ya kununulia iwe 25 ili kuwafuta mameneja machozi, nyongeza ya thamani inapimwa na kujumlishwa juu ya ile ya mwanzo.

Hisa ikifika 70 na wote 9 wakanunua, wataleta taslimu 10,800,000. Mhasibu anaziingiza benki, anafunga akiba ya 3,240,000, na mtaji wa hisa unapokea 14,040,000. Siku hiyo hakuna faida wala hasara inayoandikwa.

Walioshinda 1994 walishindwa miaka 10 baadaye. Enron ilifilisika Desemba 2001, na Julai 2002 Coca-Cola ikatangaza kwamba itaiandika gharama hii kwa hiari. Februari 2004 bodi ya kimataifa ya London ikatoa IFRS 2, na Desemba mwaka huo FASB nayo ikalazimisha kitu hicho hicho. Kenya na Tanzania zinafuata viwango vya kimataifa, kwa hiyo hesabu tuliyoifanya hapa ndiyo inayotakiwa Nairobi na Dar es Salaam pia.

Siku hizi ukwepaji umehamia kwingine. Kampuni inaandika gharama kama inavyotakiwa, halafu katika taarifa kwa vyombo vya habari inatangaza "faida iliyorekebishwa", ambamo gharama hiyo imerudishwa kimyakimya kwa hoja ileile kwamba si fedha taslimu. Ukiwa na hisa zako, fungua maelezo ya malipo yanayotokana na hisa katika taarifa ya mwaka. Tazama machaguo mangapi bado yako mikononi mwa mameneja, kwa bei gani, kisha ulinganishe na idadi ya hisa zote. Yakiwa mengi na hukuelezwa yalitolewa kwa kazi gani, simama kwenye mkutano mkuu uulize, kwa sababu mlipaji ni wewe.