Kuitoa Stendi Bila Kulichana Pazia

Mwimbaji wa taarabu amefumba macho, mkono umeinuka hewani, shanga za gauni zimeshika mwanga. Picha nzima imekaa vizuri, isipokuwa stendi ya taa iliyosahaulika nyuma yake. Mlingoti mweusi unachomoza juu ya bega lake la kushoto na kupanda mbele ya pazia jekundu, kana kwamba mama wa watu amebeba mkuki. Picha inatakiwa kwenye bango la onyesho lijalo, na mwenye kundi ana neno moja tu kwa mpiga picha: "Itoe."

Ingekuwa ukuta wa rangi moja, kazi ingekwisha kabla chai haijapoa. Pazia lina mambo yake. Pazia la jukwaani hushonwa kwa kitambaa kipana kuliko nafasi linayofunika, mara nyingi mara moja na nusu au hata mara mbili, ili liangukie chini kwa marinda. Kila rinda lina mgongo unaopokea mwanga na bonde lililojaa kivuli, na jicho la mtazamaji huufuata mstari huo kutoka juu hadi sakafuni bila yeye kujua. Mstari ukikatika, au mgongo ukihamia pembeni kidogo, jicho husimama hapohapo. Ndiyo maana picha iliyosafishwa vibaya huonyesha kitu kama mshono katikati ya pazia, au ukungu mwembamba wenye umbo lilelile la mlingoti uliofutwa.

Wanaoanza hudhani mlingoti ulionyooka ndio mwepesi kutoa, na mkono wa stendi ya maiki ulioinama ndio mgumu. Mambo yako kinyume. Mkono ulioinama hukatiza marinda kadhaa, lakini kila rinda hulifunika kwa kipande kifupi tu. Kilichofichwa kinaweza kuchukuliwa juu kidogo ya palepale, kwenye rinda lilelile. Mlingoti uliosimama wima huenda sambamba na rinda na kulifunika kwa urefu mrefu, hivyo hakuna mahali pa karibu pa kunakili. Mtu akichukua kitambaa cha juu kabisa, kule ambako taa hazifiki, na kukishusha hadi usawa wa bega, ataleta giza mahali penye mwanga.

Dawa ni kutazama pembeni. Katika picha hii yenye upana wa pikseli 6,000, mlingoti una pikseli 40 hivi na rinda moja lina kama 160. Mpiga picha hufungua tabaka jipya tupu juu ya picha, ili asiguse ya asili, kisha hushika Clone Stamp ya Photoshop na kuchagua "Current & Below" kwenye Sample. Chombo cha namna hiyo kimo pia kwenye GIMP, programu ya bure. Huweka alama kwenye rinda jirani, mahali panapofanana na ukingo wa mlingoti, kwa usawa uleule kutoka sakafuni, halafu husogea rinda moja kamili na kupaka. Kwa kuwa hakupanda wala hakushuka, mwanga unalingana. Kwa kuwa amesogea rinda zima, mgongo unaangukia kwenye mgongo na bonde kwenye bonde. Alama ya Aligned ikiwa imewashwa, umbali kati ya chanzo na brashi haubadiliki hata akiinua mkono na kuanza tena.

Marinda hayafanani kama mapacha, bila shaka. Mengine hutanuka yanapokaribia sakafu, kwa hiyo kila baada ya kipande fulani chanzo huwekwa upya. Kuna pia kishawishi cha kugeuza kipande kushoto-kulia ili kisifanane na jirani yake. Hapo ndipo wengi huumbuka: taa ilipiga kutoka kushoto, na rinda lililogeuzwa huonekana limepigwa kutoka kulia. Ni afadhali kukivuta kidogo kwa urefu, asilimia 3 au 4, ili doa au kunyanzi lililonakiliwa lisisimame sambamba na la asili.

Tofauti ndogo ya rangi ikibaki, Healing Brush huimaliza. Chombo hiki huchukua nyuzi na michirizi kutoka kwenye chanzo, lakini rangi na mwanga hukitoa kwenye eneo linalozunguka mahali panapopakwa. Wema huo hugeuka balaa begani. Brashi ikigusa gauni jeusi, weusi huvuja kwenye pazia jekundu na kuacha doa la moshi. Kwa hiyo pikseli chache za mwisho karibu na mwili hufanywa kwa Clone Stamp pekee, ndani ya eneo lililokwisha kuzungushiwa mpaka, ili brashi isivuke hata mkono ukiteleza.

Halafu kuna masalia. Stendi imetoka, lakini kivuli chake bado kimelala kwenye pazia, mguu mmoja unachungulia pembeni ya gauni, na waya unatambaa sakafuni kuelekea mahali pasipo na kitu.

Ukaguzi hufanywa mara mbili. Kwanza picha hukuzwa hadi asilimia 100 kuangalia chembechembe: picha za ukumbini hupigwa kwa ISO kubwa, na sehemu iliyolainishwa hujitokeza kama kiraka cha plastiki. Kisha hupunguzwa hadi iwe ndogo kama stempu, kwa sababu mstari uliokatika huonekana zaidi picha ikiwa ndogo.

Bango la onyesho ni tangazo, na hakuna atakayelalamika. Picha ya habari ni mahakama nyingine. Mwaka 1970 John Filo alipiga picha ya msichana akipiga magoti kando ya maiti ya mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Kent State, Marekani, nguzo ya uzio ikionekana kutokea kichwani mwake. Nakala iliyoondolewa nguzo ilichapishwa na jarida la Life mwaka 1995, na ubishi ukazuka. Mwaka 2014 shirika la AP liliachana na Narciso Contreras kwa sababu alikuwa amefuta kamera ya video kwenye kona ya picha aliyoipiga Syria. Aliifunika kwa mandhari ya jirani, mbinu ileile ya rinda letu.

Mpiga picha mzoefu huanza kuitoa stendi akiwa bado ukumbini. Tuseme amesimama mita 6 kutoka kwenye mlingoti, na pazia liko mita 2 nyuma yake. Mlingoti wenye unene wa sentimita 3 unafunika sentimita 4 za pazia. Kila akisogea kando sentimita 3, mlingoti unahama sentimita 1 juu ya pazia. Akisogea sentimita 12, karibu nusu shibiri, kipande chote kilichokuwa kimefichwa kiko wazi. Anapiga picha ya pili palepale, kabla feni haijalitikisa pazia.

Nyumbani huiweka picha hiyo juu ya ya kwanza na kubadilisha hali ya tabaka kuwa Difference, ambapo vitu vinavyolingana huwa vyeusi. Huisogeza taratibu mpaka marinda ya pembeni ya mlingoti yamezama gizani, hurudisha hali ya kawaida, kisha huficha kila kitu isipokuwa ule ukanda wa pikseli 40. Mwimbaji ameshageuza kichwa katika picha ya pili, lakini hilo halimsumbui mtu: kinachotakiwa kwake ni pazia tu.